Papai bichi na nanasi kwenye nyama: namna vinavyokata protini, na namna ya kuvitumia bila kuharibu mishkaki

Idi moja ya kuchinja niliharibu kilo nne za nyama ya paja kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikwangua nusu papai bichi, nikalichanganya na nyama usiku, nikaweka kwenye friji mpaka saa sita mchana ya siku ya pili. Nilidhani kadiri nyama inavyokaa ndivyo inavyolainika. Nilipotunga vijiti, vipande vilikuwa vinateleza kama vimepakwa uji. Juu ya mkaa vikaanza kumeguka na kuangukia kwenye moto. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba vile vilivyosalimika vilikuwa rojo kwa nje, na katikati bado vigumu vilevile. Shangazi alivitazama, akasema: "Papai halilazwi na nyama, mwanangu. Papai linapita tu."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba maneno hayo yana kemia kamili ndani yake. Nitaanza na hiyo kemia, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kukariri vipimo vya mtu.

Kinachokata ni nini

Ukichanja papai bichi, linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ndani ya utomvu huo mna vimeng'enya kadhaa vya kukata protini, na mashuhuri kati yao ni papaini, jina lililotolewa na Wurtz na Bouchut huko Ufaransa mwaka 1879. Cha nanasi kinaitwa bromelaini. Kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1891 na mkemia wa Venezuela, Vicente Marcano. Mimea ni tofauti kabisa, lakini vimeng'enya hivi viwili ni wa ukoo mmoja na vinakata kwa njia moja.

Chukulia protini kuwa ni uzi wa shanga, kila shanga ikiwa asidi amino moja. Kifungo kinachoshika shanga na mwenzake ni kigumu sana. Maabara wanapotaka kuvunja protini yote bila kimeng'enya, huichemsha ndani ya asidi kali ya haidrokloriki kwa nyuzijoto 110 karibu siku nzima. Papaini inakata kifungo kilekile kwenye sufuria ya vuguvugu kwa dakika chache.

Siri yake iko kwenye umbo. Papaini yenyewe ni protini, uzi wa shanga 212 uliojikunja ukaacha mfereji katikati. Uzi wa protini nyingine hulala ndani ya mfereji huo. Chini ya mfereji, kwenye shanga ya 25, kuna asidi amino iitwayo sisteini, ambayo ina chembe ya salfa. Jirani yake, histidini ya shanga ya 159, huichokoza salfa hiyo mpaka inaunasa uzi uliolala. Uzi unakatika. Kipande kimoja kinaondoka, cha pili kinabaki kimeng'ang'ania kwenye salfa mpaka molekuli ya maji ije kukibandua. Baada ya hapo papaini iko kama ilivyokuwa, tayari kwa uzi mwingine.

Kwa mpishi, sehemu ya mwisho ndiyo muhimu. Kimeng'enya hakimaliziki kwa kufanya kazi, kama chumvi inavyoyeyuka na kuishia kwenye maji. Kijiko kimoja kitaendelea kukata hadi kitu kikizuie, na kizuizi cha kweli jikoni ni kimoja: moto mkali wa kutosha kulikunjua umbo lake. Mfereji ukiharibika, salfa haina kazi tena.

Kwa nini friji haikusaidia, na moto ukasaidia

Ugumu wa nyama unatoka sehemu mbili. Kuna nyuzi za msuli wenyewe, zile unazoziona nyama inapochanika, na kuna kolajeni, utando mweupe na kano zinazofunga nyuzi hizo pamoja. Ng'ombe mzee au jogoo wa kienyeji hakushindi kwa msuli tu, anakushinda hasa kwa kolajeni.

Kolajeni imesukwa kama kamba ya usumba: nyuzi tatu zimesokotwa zikakazana. Ikiwa mbichi, kimeng'enya hakipati pa kuingilia; kinaupapasa uso wa kamba na kupita. Nyama inapofika kama nyuzijoto 60 na kuendelea, kamba inaanza kujisokotoa. Hapo ndipo nyuzi zinaachana na mfereji wa papaini unapata uzi wa kulaza.

Na kwa bahati, joto hilohilo ndilo papaini inalolipenda. Inafanya kazi kwa kasi yake kubwa kati ya nyuzi 60 na 70 hivi, na hudumu muda fulani hata juu ya hapo kabla ya kufa. Bromelaini ni laini zaidi: inapenda 50 hadi 60, na ikifika 70 inakufa upesi. Kwenye friji, nyuzi 4, zote mbili zinajikokota, ila hazisimami.

Sasa rudi kwenye mishkaki yangu. Usiku kucha papaini ilikuwa inakata taratibu nyuzi za msuli za juu, milimita chache tu, kwa sababu kimeng'enya ni molekuli kubwa na hakipenyi nyama kama chumvi ipenyavyo. Ndani hakikufika. Ndiyo maana nje ilikuwa uji na katikati mpira. Hata viwanda vilihangaika na jambo hili: huko Marekani miaka ya 1960 kulikuwa na utaratibu wa kumdunga ng'ombe papaini kwenye mshipa muda mfupi kabla ya kuchinjwa, ili damu yake yenyewe iisambaze mwilini. Nyumbani tunachoweza ni kukata vipande vidogo na kuacha moto ufanye sehemu kubwa ya kazi.

Kwanza lipime papai lako

Mapapai hayalingani. Papai linavyoiva, utomvu unapungua, na lililoiva kabisa halina nguvu ya kusemea. Nanasi ni kinyume: hata likiiva, bromelaini ipo, na imejaa zaidi kwenye kile kigogo cha katikati na kwenye shina. Dalili ya haraka sokoni ni kulichoma papai kwa ncha ya kisu, kwa ruhusa ya muuzaji. Utomvu mweupe ukitoka na kutiririka, limejaa. Likitoa majimaji tu, litafaa kupikwa kama mboga.

Ukitaka uhakika, na ukiwa na watoto nyumbani wanaopenda kuona mambo, fanya jaribio la jeli. Gelatini ni kolajeni iliyokwisha kupikwa, kwa hiyo ni protini ambayo kimeng'enya kinaikata bila shida. Ikikatwa, haigandi.

Yeyusha gramu 10 za gelatini isiyo na ladha kwenye nusu lita ya maji ya moto. Subiri ipoe mpaka uweze kutumbukiza kidole bila kuungua. Usiruke hatua hii, maana ukitia tunda kwenye maji ya moto utaua kimeng'enya na jaribio lote litakudanganya. Gawanya kwenye glasi tano. Ya kwanza iache hivyohivyo. Ya pili tia kijiko cha chakula cha papai bichi lililokwanguliwa, ya tatu papai lililoiva, ya nne nanasi bichi lililopondwa, ya tano nanasi lilelile ulilolichemsha dakika tano kisha likapoa. Weka kwenye friji kwa muda wa saa nne.

Ya kwanza itaganda. Ya papai bichi na ya nanasi bichi zitabaki maji. Ya papai lililoiva mara nyingi huganda, au huwa tepetepe, na hapo ndipo unajua papai lako limebakiwa na nguvu kiasi gani. Ile ya nanasi lililochemshwa itaganda, na hiyo ndiyo glasi ninayoipenda kuliko zote. Uchachu ni uleule, sukari ni ileile, kilichobadilika ni kwamba kimeng'enya kimekufa. Mtu akikuambia jeli haikuganda kwa sababu nanasi ni chachu, mwonyeshe glasi hiyo. Nanasi la kopo nalo litaganda, kwa kuwa limepikwa kiwandani.

Wengine hupima kwa maziwa: tia maji ya tunda kwenye maziwa ya vuguvugu uone kama yanaganda. Kwa papai linafaa. Kwa nanasi halifai, kwa sababu uchachu peke yake hugandisha maziwa, na hutajua ni kipi kimefanya kazi.

Mishkaki ya kilo moja

Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa, kwa nyama ya paja ya ng'ombe.

Kata vipande vya sentimita tatu, ukikata kukingama na nyuzi. Ondoa kano nene kwa kisu. Muda wa mishkaki jikoni ni mfupi mno kwa kano, hata ukiwa na papai. Choma kila kipande mara mbili tatu kwa uma, ili kupunguza ile shida ya papaini kubaki juu.

Osha papai bichi na ulikwangue pamoja na ganda lake, kwa kifaa cha kukwangulia karoti. Utomvu mwingi uko karibu na ganda, ukilimenya unatupa nguvu. Vijiko viwili vya chakula, bila kujaza sana, vinatosha kilo moja. Paka mikono mafuta kwanza au vaa glavu. Utomvu unawasha, na sababu yake ni ileile: ngozi yako nayo ni protini.

Changanya papai na tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, bizari, chumvi, na mafuta kidogo. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chake cha kukata protini, kwa hiyo ukiizidisha, punguza papai. Ndimu iache kwanza. Papaini hufanya vizuri mahali pasipo na uchachu mwingi, na ukimimina ndimu tatu juu yake unaipunguzia nguvu. Mimi hukamulia ndimu dakika kumi kabla ya kuchoma, au mezani.

Acha saa moja, ndani ya friji. Kwa nyama ngumu sana, saa mbili. Usiache mezani kwa kutaka papai lifanye kazi haraka: kwenye joto la Dar au Mombasa, vijidudu navyo vitafanya kazi haraka.

Kuanzia dakika ya arobaini, ipime kwa vidole. Chukua kipande, kisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyama iliyo sawa inakuwa laini kidogo lakini uso wake umeshikana. Ikianza kunata na kuacha utando mweupe kwenye vidole, umefika mpaka. Usingoje saa itimie. Pangusa papai lote kwa karatasi au suuza haraka, kausha, na peleka motoni.

Moto uwe mkali, mkaa ukiwa umeshika na kuwa mweupe. Kipande kinapopanda kutoka baridi hadi kuiva, kinapita kwenye lile joto la 50 hadi 70, na hapo papaini iliyobaki inakata kwa kasi ambayo haikuipata muda wote wa friji. Ukiwa na moto hafifu, nyama inakaa muda mrefu kwenye joto hilo na unarudi kwenye uji wangu wa Idi. Kwa sababu hiyohiyo, usichome nusu ukaiweka kando ya jiko ili umalizie wageni wakifika. Vuguvugu ndilo linaloumiza.

Chunguni, mpango ni mwingine

Kwa nyama ya kuchemsha, au jogoo aliyezeeka, watu wengi hutia kipande cha papai wakati supu imekwisha kuchemka. Wanapoteza papai. Ndani ya maji yanayotokota papaini hudumu muda mfupi tu.

Tia papai mwanzoni, maji yakiwa ya baridi. Kwa kilo moja, vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa kidole gumba, na ganda lake, vimechanjwachanjwa ili utomvu utoke. Tumia moto wa wastani, ili chungu kichukue kama dakika ishirini mpaka kichemke. Safari hiyo ya kupanda ndiyo kazi yote ya papai. Likishatokota, ondoa vipande na uendelee kupika kama kawaida, kolajeni iliyobaki itayeyushwa na kuchemka kwenyewe. Anza kupima kwa uma mapema kuliko ulivyozoea. Jogoo anaweza kuonekana mgumu, kisha akaachana na mifupa ghafla.

Kuku wa kisasa hahitaji kitu chochote kati ya hivi. Samaki na kamba ndio kabisa: misuli yao ni myepesi na kolajeni yao ni dhaifu, papai litawageuza uji kabla hujawasha jiko.

Nanasi linapofaa

Nanasi nalitumia pale ninapotaka ladha yake, si nguvu yake. Vijiko vitatu vya maji ya nanasi bichi kwa kilo, dakika thelathini hadi arobaini na tano, basi. Ponda na kigogo cha katikati, usikitupe. Bromelaini inavumilia uchachu wa nanasi lenyewe bila taabu, lakini kwa kuwa inakufa upesi kwenye joto, haiendelei kukata motoni muda mrefu kama papaini. Kwa mwanafunzi hiyo ni faida, kosa lake linasimama mapema. Sukari ya nanasi inaungua upesi, kwa hiyo pangusa nyama vizuri kabla ya kuchoma.

Kule kuwashwa ulimi unapokula nanasi bichi jingi kunatokana kwa sehemu na bromelaini hiyohiyo, ikisaidiwa na vijisindano vidogo vya kalisi oksaleti vilivyomo kwenye tunda. Nanasi lililopikwa haliwashi hivyo.

Na kwa wanaotengeneza faluda: agari inatokana na mwani na si protini, ni sukari ndefu zilizoungana. Ndiyo maana faluda ya agari inaganda hata ukiijaza nanasi bichi, na jeli ya gelatini inakataa. Kimeng'enya kimeikuta, lakini hakina uzi wa kukata.

Kuhifadhi, na nani ajihadhari

Papai bichi lililokwanguliwa linakaa vizuri kwenye friza. Baridi haikiui kimeng'enya, inakilaza tu. Mimi hugandisha kijiko kimoja kimoja kwenye trei ya barafu. Papaini ya unga inayouzwa hutoka kwenye utomvu uliokaushwa kwa joto la wastani. Mashariki ya Kongo, upande wa Beni, wakulima hukama utomvu huo kwa kulichanja papai bichi likiwa bado mtini, chanjo za kina kifupi, asubuhi mapema utomvu unapotiririka vizuri. Tunda hilohilo huchanjwa tena baada ya siku kadhaa. Usijaribu kukama bila glavu na miwani, na unga wake usiuvute puani. Watu wamepata pumu kwa vumbi la papaini.

Mwenye mzio wa mpira, ule wa glavu za hospitali, awe mwangalifu na utomvu wa papai, maana mara nyingine mwili hauvitofautishi. Mjamzito asile papai bichi lenye utomvu. Kwenye majaribio ya panya utomvu huo ulisababisha mji wa mimba kukaza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kumeza vidonge vya bromelaini. Nyama iliyoiva ni habari nyingine, kimeng'enya chake kimekwisha kufa motoni.

Ikishaharibika

Uji hauwi nyama tena, nyuzi zilizokatwa haziungiki. Ukichelewa kidogo tu, suuza, kausha, na kaanga vipande kwenye kikaango chenye moto mkali badala ya kuvitunga kwenye vijiti. Uso utashikana kidogo. Ukichelewa sana, ionje iliyoiva kwanza: papaini ikikata kupita kiasi inaacha vipande vifupi vya protini ambavyo ni vichungu, na uchungu huo hauondoki kwa kiungo chochote. Kama si chungu, ikaange mpaka ikauke kabisa, tia kitunguu, pilipili na majani ya kotimiri, uifungie kwenye sambusa. Zile kilo nne zangu ziliishia huko, na shangazi alikula sita.